Maandishi ya chini ya beji yanasomeka kichwa chini

"Nimeandika jina la klabu juu ya duara kwa Inkscape vizuri, lakini neno MOMBASA la sehemu ya chini linatoka limepinduka. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, maandishi hufuata mwelekeo wa mstari, na duara la Inkscape huzunguka kama akrabu za saa, kwa hiyo herufi zikifika chini miguu yake huelekea katikati ya beji. Neno la chini linahitaji duara lake.

Chukua mfano wa duara la juu lenye nusu kipenyo cha milimita 40, na herufi za kimo cha milimita 6. Chora duara la pili lenye kitovu hichohicho na nusu kipenyo cha milimita 46, kwa sababu herufi za chini zitasimama zikitazama ndani, na ukilisahau hilo MOMBASA itaingia kwenye nembo ya katikati. Ligeuze kwa `Path > Object to Path`, kisha `Path > Reverse`. Lipange neno kwa `Align center`, ulichague pamoja na duara, ubonyeze `Text > Put on Path`.

Litatokea upande wa kushoto. Chagua duara peke yake, bila maandishi, ulizungushe kwa `Object > Rotate 90° CCW`, nalo neno litashuka hadi chini kabisa. Ukivichagua vyote viwili, neno huzungushwa mara mbili.

Kabla ya kupeleka kwa mchapishaji, hifadhi nakala ambayo maandishi yake bado yanaharirika; herufi zikishageuzwa kuwa michoro, kosa la tahajia hulazimu kuandika upya.