Video ya simu iliyorekodiwa gizani

"Mteja amerekodi sherehe kwa simu, ukumbi una giza, na anataka video iwe kama sinema. Nimwandikieje?"

Ndugu, mimi ningemwandikia hivi:

"Habari za leo, dada. Nimezipitia video zako zote. Kihisi cha kamera ya simu ni kidogo, kwa hiyo penye mwanga hafifu simu hukuza ishara dhaifu, picha ikajaa chembechembe, kisha huzifuta kwa kulainisha, na hapo ndipo nyuzi za kitenge hupotea kabla video haijanifikia. Nilipoongeza mwanga usoni mwa bibi harusi, palitokea vijisanduku badala ya ngozi. Ninachoweza ni kusawazisha rangi na kuacha vivuli vibaki vyeusi."

Ambatanisha picha ya uso huo, kabla na baada ya kuongeza mwanga, ajionee mwenyewe.