Mdai anapiga simu kazini na kutishia kumwambia bosi: maswali na majibu

Wakala wa madeni ananipigia simu ya ofisi mara tatu, nne kwa siku. Nisipopokea anapiga mapokezi. Nikipokea nababaika. Nimwambie nini?

Pokea mara moja tu, na usikae kwenye simu zaidi ya dakika mbili. Anapiga kazini kwa sababu anajua wenzako wanasikia, na mtu anayesikilizwa hukubali lolote ili simu ikatike haraka. Kwa hiyo usijadili deni hapo, usijieleze, usitaje tarehe ya kulipa. Kazi ya simu hiyo ni kuchukua maelezo manne: jina lake kamili, kampuni anayoifanyia kazi, mkopeshaji anayemwakilisha, na anwani ya barua pepe au ya posta ya kampuni. Kisha sema hivi, kwa sauti ya kawaida:

"Hapa ni kazini na sipokei simu za binafsi. Usipige tena namba hii wala mapokezi. Nitumie kwa maandishi kiasi unachodai na mchanganuo wake. Nitajibu kwa maandishi. Asante."

Halafu kata. Akipiga tena dakika tano baadaye, usirudie maelezo, sema tu "Nimeshakuomba uandike" na ukate. Ukianza kubishana atapata alichokuwa anakitafuta.

Asipotaka kutaja kampuni, au akitaka umthibitishie namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa au namba ya siri "ili afungue faili", nyamaza. Matapeli hununua orodha za wadaiwa na kupiga kwa jina la mkopeshaji halali. Mpigie mkopeshaji kwa namba iliyo kwenye mkataba wako, umuulize kama deni hilo amemkabidhi mtu, na ni nani.

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, tuma ujumbe wa maandishi kwa kampuni yenyewe, si kwenye namba binafsi ya aliyekupigia. Mistari mitano inatosha:

"Leo tarehe 12, saa 09:10, mfanyakazi wenu alipiga simu ya ofisi ninakofanya kazi kuhusu mkopo namba (weka namba). Mwajiri wangu haruhusu simu za aina hii. Naomba msipige tena kazini kwangu wala kuzungumza na mtu yeyote hapo kuhusu suala hili. Mawasiliano yote yaje kwa barua pepe hii. Naomba pia mnitumie nakala ya mkataba, salio la mkopo wenyewe, riba na adhabu, kila kimoja peke yake."

Angalia kwamba ujumbe huo hausemi "deni langu" wala "nitalipa". Hilo ni la makusudi. Deni likishakaa muda mrefu huenda limepitwa na ukomo wa kufungua kesi. Kenya na Tanzania ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6. Kulikiri kwa maandishi yenye sahihi, au kulipa hata kidogo, kunaweza kuanzisha hesabu upya. Uliza kwanza, kiri baadaye.

Anasema nisipolipa leo, kesho anampigia bosi wangu anikate mshahara. Anaweza kweli?

Kupiga simu anaweza, kidole ni chake. Kukata mshahara hawezi. Mwajiri hakati mshahara wa mtu kwa sababu amepigiwa simu. Kwa kawaida anahitaji ama sahihi yako mwenyewe ama amri ya mahakama.

Sahihi yako iko pale ulipochukua mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, au ulipojaza fomu ya kuruhusu makato. Hapo mwajiri anajua tayari, na tishio la kumwambia halina maana. Soma mkataba wako leo, hasa vipengele vidogo vya mwisho. Tafuta mahali palipoandikwa kwamba umeruhusu makato, na tofauti na hapo, mahali ulipomtaja mwajiri au mfanyakazi mwenzako kama mdhamini. Mdhamini aliyetia sahihi ana haki ya kujulishwa, na huyo huwezi kumzuia asipigiwe. Mtu uliyemweka kama mrejea tu, wa kuthibitisha kwamba unafanya kazi pale, si mdhamini.

Amri ya mahakama nayo haiji kwa simu. Kabla haijatoka, kesi inafunguliwa, unaletewa hati ya kuitwa shaurini, unapewa nafasi ya kujibu, hukumu inatolewa, ndipo mdai anarudi kuomba mshahara ukamatwe. Karatasi itakuwa na jina la mahakama, namba ya kesi, muhuri na majina ya pande zote. Ukitumiwa picha ya "amri" kwenye simu, chukua namba ya kesi uende masijala ya mahakama iliyotajwa ukaulize. Kama haipo kwenye rejesta, umepata ushahidi wa kitisho cha uongo, tena kizito.

Kosa kubwa hapa liko upande wa pili. Mtu akishazoea vitisho vya simu hudharau hata hati halisi inapokuja. Usipojibu ndani ya siku zilizoandikwa, hukumu hutolewa bila wewe, na hapo mshahara unakatwa kweli.

Sheria inasemaje kuhusu kunipigia kazini?

Inategemea nchi na aina ya mkopeshaji, ila mwelekeo unafanana: kudai ni halali, kumwaibisha mdaiwa si halali.

Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinamkataza mkopeshaji na wakala wake kutumia vitisho na matusi, na kuwapigia au kuwatumia ujumbe watu walio kwenye orodha yako ya simu bila idhini. Juu ya hizo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anayesimamia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Walioko Marekani wana sheria ya mwaka 1977 inayozungumzia kazini moja kwa moja: wakala akishajua mwajiri wako haruhusu simu hizo, lazima aache kupiga hapo. Kanuni zilizoanza kutumika Novemba 2021 zinachukulia kwamba simu zaidi ya 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja ni usumbufu. Sheria hiyo inawabana hasa mawakala wanaokusanya madeni ya wengine. Mkopeshaji anayedai mkopo wake mwenyewe kwa kawaida haimgusi.

Ndiyo maana sentensi ya "mwajiri wangu haruhusu" tumeiweka kwenye ujumbe wa hapo juu. Iandike popote ulipo, maana baada ya hapo wakala hawezi kudai hakujua.

Nimwambie bosi mwenyewe kabla hajaambiwa?

Mara nyingi ndiyo, lakini si lazima awe bosi, na usimwambie kila kitu. Anza na mtu wa mapokezi, kwa sababu ndiye anayepokea: "Kuna mtu anapiga akinitafuta kwa jambo la binafsi. Tafadhali mwambie sipokei simu hizo hapa, usimpe namba ya mtu mwingine, na uniandikie saa aliyopiga." Halafu mtu mmoja wa rasilimali watu, faraghani: "Nina suala la binafsi la mkopo ninalolishughulikia kwa maandishi. Wakala anapiga ofisini na nimemwandikia aache. Wakipiga kwenu, naomba msithibitishe chochote kuhusu mshahara wangu."

Usitaje kiasi, wala sababu ya kukopa. Wengi hapo huharibu: wanatubu kila kitu kwa mtu asiyewauliza, na habari inatembea ofisini kabla hata wakala hajaisema.

Kama unashika fedha za kampuni au unafanya kazi benki, soma kwanza sera ya kazi. Baadhi zinakutaka utoe taarifa ukiwa na deni lililoshindikana, na hapo kuficha ndiko kunakoleta barua ya onyo, kuliko deni lenyewe.

Nimechelewa. Ameshamwambia msimamizi wangu kwamba mimi ni "mkwepa madeni". Sasa?

Mwombe msimamizi akuandikie mistari miwili mitatu: aliyepiga alijitambulishaje, alisema nini kwa maneno yake, saa ngapi, kwa namba ipi. Afanye hivyo siku hiyohiyo au kesho yake, kabla kumbukumbu haijapoa. Bila maandishi hayo una manung'uniko tu.

Hayo unayaunga kwenye daftari la simu. Safu moja nzuri inasomeka hivi: "Jumatatu 12, 09:10, simu ya mapokezi, namba inayoishia 417, alijiita afisa wa madeni, hakutaja kampuni, alimwambia mpokeaji ni kuhusu mkopo nisiolipa." Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu yanaonyesha siri yako imetolewa kwa mtu wa tatu. Jambo dogo linalowaponza wengi: andika saa kama simu inavyoonyesha. Ukiandika "saa 3:10 asubuhi" huku picha ya skrini inasoma 09:10, msomaji asiye makini ataona vinapishana. Kurekodi sauti ni suala jingine. Nchi nyingine zinataka ridhaa ya wote wawili, kwa hiyo ulizia kwanza. Daftari halina tatizo hilo.

Peleka malalamiko kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, si kwa wakala, ukimpa tarehe ya kujibu, tuseme siku 7. Wakopeshaji wengi humvuta wakala wao mara moja wakiona nakala ya malalamiko inaweza kufika kwa msimamizi wa leseni, yaani taasisi inayowapa kibali cha kukopesha. Asipojibu, mpelekee huyo msimamizi wa leseni, na kwa upande wa siri yako kutolewa, mamlaka ya ulinzi wa data. Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inatakiwa kumaliza uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90. Kumbuka malalamiko hayafuti deni wala hayasimamishi riba. Shughulikia malalamiko na deni sambamba.

Nikimtumia kidogo kidogo, si ataniacha?

Kwa siku chache. Ukilipa baada ya kutishiwa kazini, anajifunza kwamba kukupigia kazini kunalipa.

Kama deni ni lako na hesabu yake umeiona, toa wewe ofa kwa maandishi: kiasi utakachoweza hata mwezi mbaya, tarehe moja isiyobadilika, iwe siku mbili au tatu baada ya mshahara kuingia ili benki ikichelewa usianguke. Weka sharti kwamba simu za kazini zikome na adhabu zisimame wakati unalipa. Usitume chochote kabla hawajakubali kwa maandishi, na usitume kamwe kwenye namba ya simu ya wakala binafsi. Tuma kwenye akaunti iliyo kwenye mkataba au iliyothibitishwa na mkopeshaji. Fedha ikiingia kwa wakala, mara nyingi huonekani umelipa, na mwezi ujao anapiga mwingine. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba salio ni sifuri, na uihifadhi, kwa sababu orodha za zamani huuzwa tena na wakala mpya hajui kilichotokea.