Kadi nyeusi, nyeupe na nyekundu kwa kichanga: mimi nilichora mwenyewe

*Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana wiki 2. Naona mtandaoni wanauza kadi za michoro myeusi, myeupe na myekundu, eti zinakuza ubongo wa mtoto. Ni kweli au biashara tu? Na mtoto anaanza kuona rangi lini?*

Hongera sana mdogo wangu. Hela ya kadi nunulia pampasi. Kwa mwanangu wa kwanza nilizinunua, kwa wa pili nikachora mwenyewe, na za kuchora ndizo alizozitazama. Sababu nilikuja kuelezwa na wifi yangu anayefanya kazi kliniki ya macho.

Zile za dukani zilikuwa na twiga, maua na pundamilia wa mistari myembamba. Mtoto alizipita kama hazipo. Kumbe katikati ya retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale panapoona vitu vidogo, bado hapajakomaa: seli za koni, zile zinazotambua rangi na vitu vidogo, ni fupi na nene, na hazijasongamana. Mstari mwembamba kuliko milimita 3 hivi, hata ukimsogezea hadi sentimita 30, kwake ni ukungu wa kijivu. Na rangi mbili zinazokaribiana kwa mwanga, kama waridi na krimu, anaziona ni kitu kimoja. Ndiyo maana nyeusi juu ya nyeupe inamfaa. Si kwamba inamwongezea akili, ni kwamba anaiona.

Nilikata manila nyeupe, mraba wa sentimita 20, nikachora kwa maka peni nyeusi mistari ya sentimita 2 na nusu: minne myeusi, minne myeupe. Kadi ya pili niliigawa kama ubao wa drafti, vyumba vinne kwa vinne. Basi. Nilisubiri awe ameshiba na yuko macho kimya, nikaishika sentimita 25 hivi kutoka usoni, kama umbali wa uso wako anaponyonya. Alikuwa na siku 16. Alitulia, akakodoa, akaacha kurusha miguu. Nilipoisogeza polepole kushoto, macho yakafuata kwa kurukaruka, kisha yakaipoteza. Kwa umri ule ni kawaida.

Kwenye nyekundu nilichemka. Nilichora duara jekundu juu ya karatasi nyeusi, nikaona limependeza, mtoto hana habari. Wifi akaniambia nilipige picha kwa simu kisha niitoe rangi picha. Duara likakaribia kupotea! Nyekundu iliyoiva ni nyeusi-nyeusi kwa mwanga, kwa hiyo iweke juu ya nyeupe. Inachaguliwa kwa sababu kichanga huweza kuitofautisha na kijivu mapema kuliko rangi nyingine, lakini mpaka iwe kali na doa liwe pana. Na nyekundu tupu isiyo na mchoro haimvuti sana: mwaka 1963 mtafiti Mmarekani Robert Fantz aliwaonyesha watoto wa siku chache michoro myeusi na myeupe pamoja na duara tupu za rangi, nyekundu ikiwemo, na michoro ndiyo waliyoitazama muda mrefu zaidi.

Bibi yake alileta kisutu, akisema rangi zote tatu zimo humo. Kweli zimo, ila mji wake una vinakshi vidogo mno. Mtoto alichoka nacho haraka, lakini kanga nyingine yenye pindo pana jeusi kwenye nyeupe aliikazia macho.

Rangi zenyewe huja kwa hatua. Karibu na miezi 2 wengi huanza kutofautisha nyekundu na kijani, bluu na njano hufuata kwenye miezi 3 hadi 4. Kama alizaliwa njiti, hesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Wangu alipogonga miezi 3 alizidharau kadi, akawa anahangaika na ndoo ya bluu.

Jambo moja linawadanganya wengi. Kati ya mwezi 1 na 2 mtoto anaweza kuganda kwenye mchoro, si kwa kuupenda, ila hajui kujinasua. Wangu aliganda mpaka akaanza kulia. Dakika 2 au 3 zinatosha. Akigeuza kichwa, akipiga miayo au akinuna, ondoa. Wala usiziache kitandani anapolala, atakuja kuvuta au kutafuna karatasi.

Macho kupishana mara mojamoja miezi hii ya mwanzo kusikutishe. Lakini mboni ikitoa weupe kwenye picha ya flashi, au macho yakichezacheza bila kutulia, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Na akifika miezi 2 hajakazia uso wako hata kidogo, mpeleke pia, usingoje akue.