Maneno ya masharti ya malipo kwenye ankara

"Nimeandika 'malipo ndani ya siku 30', mteja anasema muda haujaisha. Niandikeje?"

Ndugu, kosa liko katika kutotaja siku 30 zinaanza kuhesabiwa lini, kwa kuwa wewe unahesabu tangu tarehe ya ankara, naye huenda anahesabu tangu ilipofika kwa mhasibu wake. Kwa ankara ya tarehe 3 Machi 2025 yenye Sh 1,200,000, andika hivi: "Kiasi chote kilipwe kabla au ifikapo tarehe 2 Aprili 2025."

Mchangiaji mmoja amekushauri uongeze tozo ya ucheleweshaji kwenye ankara; yuko sahihi nusu. Tozo iliyotajwa kwa mara ya kwanza kwenye ankara ni rahisi kupingwa, kwa hiyo iwekwe kwanza katika mkataba au makadirio ya bei ambayo mteja ameyakubali, kisha ankara irudie: "Baada ya tarehe hiyo, tozo ya asilimia 2 ya deni lililobaki itatozwa kwa kila mwezi kamili." Akilipa tarehe 2 Mei, tozo ni Sh 24,000. Kama asilimia 2 inafaa kwa mteja wa kudumu, hilo mtaelewana wenyewe.

Kuhusu benki, jina la akaunti liandikwe kama lilivyo benki, si jina la duka, kwani majina yasipolingana malipo yanaweza kurudishwa. Na umwombe mteja aandike namba ya ankara kwenye maelezo ya malipo.