Jedwali la wateja: safu sita tu, ila ya tarehe usiiache wazi

Nauza sweta za shule. Wateja wangu ni wahasibu, walimu wakuu na wenye shule binafsi za Dar es Salaam na Pwani, na karibu hakuna anayenunua siku ya kwanza tunayoongea. Mtu anaulizia bei Agosti, anataka sampuli Oktoba, analipa kianzio Novemba, na mzigo anautaka kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hapo katikati kuna simu, meseji, sauti za WhatsApp na maneno ya getini wakati mlinzi anakuandika kwenye kitabu cha wageni. Ukitegemea kichwa, utamkumbuka anayepiga simu sana, na anayepiga simu sana si lazima awe ndiye anayenunua.

Ninachotumia ni jedwali la Google Sheets kwenye simu, karatasi moja niliyoipa jina Watu. Lina safu sita: Jina, Namba, Tulichoongea, Ahadi yangu, Ahadi yake, Tarehe. Kila mtu ana mstari mmoja. Nimeona watu wakiweka mpaka safu kumi na tano, na kiwango cha mteja, na asilimia za matumaini ya kununua, kisha baada ya muda hawajazi tena. Safu usiyoijaza ukiwa umesimama kituoni unasubiri daladala, ifute.

Kama unafuatilia watu wachache, huhitaji hata simu. Daftari la shajara, lile lenye ukurasa kwa kila tarehe, linatosha: jina unaliandika kwenye ukurasa wa siku unayotakiwa kumtafuta, si siku mliyoongea. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Wengi wanaandika yaliyopita vizuri sana, wanasahau kuandika siku ya kurudi.

Ahadi zangu na zake nimezitenganisha kwa sababu zinafuatiliwa kwa namna tofauti. Yangu ikichelewa, mimi ndiye nimeharibu, na simu yangu inayofuata itaanza kwa kuomba radhi. Yake ikichelewa, nina haki ya kuuliza, ila kwa adabu. Ukizichanganya kwenye safu moja unaishia kumpigia mtu kumuulizia hela wakati yeye anasubiri sampuli uliyomwahidi.

Chukua mfano wa shule moja ya Kibaha. Jumatatu, tarehe 7 Oktoba, mhasibu wake, mama mmoja mtu mzima, aliniambia kwenye simu: "Mkuu amezipenda, lakini uamuzi ni wa bodi, na bodi inakaa Jumamosi ya tarehe 26. Wewe niletee sampuli ya maruni, na bei ya pisi mia mbili. Ukichelewa wataangalia za mwingine." Kabla sijafanya jambo jingine nikaandika. Tulichoongea: "7 Okt. Mkuu amezipenda, bodi 26 Okt, kuna mshindani." Ahadi yangu: "Sampuli ya maruni + bei ya pisi 200, ifike Alhamisi 10." Ahadi yake: "Kupeleka sampuli kwenye bodi." Na tarehe? Si 26. Tarehe ni 10, kwa sababu safu hiyo inabeba siku moja tu, iliyo karibu zaidi, ya kwako au ya kwake. Nikishatimiza ya tarehe 10, naifuta na kuweka inayofuata.

Sampuli ilikwenda na bodaboda Alhamisi. Siku ya kuhakikisha kama imemfikia mwenyewe ingekuwa Jumatatu, lakini tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere na ofisi zimefungwa, kwa hiyo nikaweka Jumanne 15. Hapo ndipo nilipojua bahasha bado ilikuwa kwa mlinzi. Kisha nikaandika Jumanne 29 kwa ajili ya kuulizia bodi. Sikuweka Jumatatu 28, maana Jumatatu asubuhi mhasibu wa shule ana foleni ya wazazi wa ada mlangoni, na jibu utakalopata ni "nitafute baadaye," ambalo si jibu.

Simu ya tarehe 29 nilianza hivi: "Shikamoo mama. Ulinieleza bodi inakaa Jumamosi, na sampuli ya maruni ulikuwa uipeleke. Sijui walionaje?" Linganisha na ile ya "nilikuwa nakusalimia tu, vipi kuhusu lile suala letu?" Ya pili inamlazimisha yeye akumbuke wewe ni nani na suala ni lipi, na mtu asiyekumbuka hujibu "bado" ili akukate. Ndiyo maana safu ya Tulichoongea naiandika kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kama alisema "maruni" sitaandika "damu ya mzee", hata kama kiwandani ndivyo tunavyoiita, kwa sababu kesho nitamrudishia neno lake.

Kazi kubwa kuliko zote ni kugeuza maneno kuwa tarehe. Watu wetu hawasemi "nipigie tarehe 12." Wanasema "mwisho wa mwezi", "baada ya mfungo", "shule zikifungua", "bajeti ikitoka". Usiyaandike hivyo kwenye safu ya Tarehe, yageuze palepale. "Mwisho wa mwezi" kwa mtu wa mshahara naipa tarehe 2 ya mwezi unaofuata, baada ya makato na madeni kutulia. "Baada ya Idi" naipa siku nne au tano kupita siku inayotarajiwa, kwa sababu mfungo unaweza kuwa wa siku 29 au 30 kutegemea mwezi, halafu kuna waliokwenda kwao. "Bajeti ikitoka" kwa ofisi ya serikali ya Tanzania maana yake ni mwaka mpya wa fedha, unaoanza Julai 1. Lakini kuanza kwa mwaka si hela kuingia, kwa hiyo nauliza mwezi wa nane. Na "nitakupigia mwenyewe" naipa wiki moja. Asipopiga, napiga mimi, bila kulalamika.

Bei nazo ni ahadi, na zina mwisho. Uzi ukipanda, bei niliyompa mtu Agosti inanila mwenyewe Novemba. Kwa hiyo kwenye Ahadi yangu naandika na siku ya kuisha: "Bei hii hadi 15 Nov," na mteja namtumia maneno hayohayo kwa meseji, si kwa sauti. Sauti ya WhatsApp huwezi kuitafuta kwa neno, na hakuna atakayesikiliza sauti za miezi miwili ili kumaliza ubishi.

Sasa upande wa simu, kuna mitego miwili inayopoteza watu kimyakimya. Wa kwanza ni namba: ukiandika 07 na kuendelea, Sheets huiona kama hesabu na kuitupa sifuri ya mbele. Fungua jedwali kwenye kompyuta, ichague safu nzima ya Namba, nenda Format, Number, kisha Plain text, kabla hujaanza kujaza.

Wa pili ni mbaya zaidi, nao ni tarehe. Kama jedwali lako limewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 5/11 ukimaanisha Novemba 5, lenyewe linasoma Mei 11, na mteja anaonekana umemchelewesha miezi. Ukiandika 15/10 linatafuta mwezi wa 15, halioni, na kuyaacha kama maandishi ya kawaida. Huyo ndiye anayepotea kabisa, maana maandishi hayalinganishwi na leo. Utamtambua kwa kuangalia: tarehe iliyoeleweka inakaa upande wa kulia wa kisanduku, isiyoeleweka inakaa kushoto. Dawa iko kwenye kompyuta hapohapo: File, Settings, Locale, uchague United Kingdom, halafu uandike upya tarehe za zamani. Au ujizoeze kuandika 2024-10-15, ambayo haina mkanganyiko popote.

Ukishamaliza hayo, ongeza karatasi ya pili, iite Leo, na kwenye kisanduku A1 weka hii:

```
=IFERROR(SORT(FILTER(Watu!A2:F, Watu!F2:F<>"", Watu!F2:F<=TODAY()), 6, TRUE), "Hakuna wa leo")
```

Inavuta kila mtu ambaye tarehe yake ni leo au imepita, aliyechelewa zaidi akiwa juu. Safu ya tarehe ikionekana kama namba za elfu arobaini na kitu, hazijaharibika. Ichague kisha Format, Number, Date. Asubuhi nafungua Leo, sifungui Watu. Kila niliyempigia ananitoka kwenye Leo pale tu nitakapompa tarehe mpya kule Watu, na hiyo inanilazimisha niamue: nimtafute lini tena, au nimfunge?

Kufunga ni muhimu kama kufuatilia. Mtu niliyemtafuta mara tatu kwa siku nilizopanga, simu haipokelewi na meseji zimesomwa, namtumia ya mwisho: "Mwalimu, naona mna mambo mengi kwa sasa. Sitawasumbua, mkihitaji sweta mwaka ujao nipo." Kisha nafuta tarehe yake na kuandika "Imefungwa" mbele ya maneno ya mwisho. Mstari siufuti. Wengine hujibu meseji hiyo haraka kuliko zote zilizotangulia, sijui kwa nini, labda kwa sababu haiombi kitu.

Jambo jingine dogo: yasiyohusu biashara yaache nje. Kwamba mhasibu alikuwa analea mgonjwa, nitalikumbuka kwa kumuulizia hali, lakini sihitaji kuandika ugonjwa wenyewe. Simu huibiwa, na jedwali unaweza kumshirikisha kijana wa mauzo anayeacha kazi kesho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, ila kipimo changu ni kimoja: naandika kama vile mwenyewe anasoma begani kwangu. Na kijana akiondoka, fungua Share umtoe jina siku hiyohiyo.

Yule mama wa Kibaha tarehe 29 alisema bodi imekubali, lakini kianzio kitatoka wiki ya kwanza ya Novemba. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka Januari. Pisi mia mbili kwa mashine zangu zinataka kianzio kisivuke katikati ya Novemba, tena bei yenyewe inaisha tarehe 15. Nikamwambia hivyo palepale, na kwenye mstari wake nikaandika 2024-11-05.