Zinki, vitamini A na chunusi: tumbo linapokataa

"Assalaam alaykum. Nina miaka 21, niko Malindi, mashavu yamejaa chunusi. Duka la dawa wamenipa zinki na vitamini A. Kila nikimeza zinki natapika. Niendelee au niache? Na kweli zinasaidia?"

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Vitamini A iweke kando leo hii, sababu nitakueleza. Zinki usiitupe bado. Kwanza tazama karatasi ya chupa, maana huenda unameza nyingi kuliko unavyodhani.

Mimi niko Lamu. Nilipokuwa na umri kama wako chunusi zilinishika kidevuni na taya zote mbili, nyekundu, zinazouma hata ukilalia mto. Nikanunua zinki salfeti ya miligramu 220. Asubuhi ya kwanza nikaimeza na kahawa tungu, sikula kitu, nikashuka gatini kupanda boti ya kwenda Mokowe. Hata hatujafika nusu ya njia mate yakanijaa, ladha ya chuma mdomoni, nikatapika pembeni mwa boti. Nikasema ni bahari, ingawa boti ile naipanda tangu utotoni. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, sikutoka nyumbani, na yakawa yale yale. Hapo nikajua ni dawa.

Chumvi ya zinki, yaani zinki iliyoungana na kitu kingine kama ile salfeti, ikifika kwenye tumbo tupu inauchoma ukuta wa tumbo, na tumbo linaisukuma nje. Kichefuchefu kama hicho kina alama zake. Huanza muda mfupi baada ya kumeza, mara nyingi ndani ya nusu saa au saa moja, kisha hutulia chenyewe, na siku ukimeza baada ya kula hupungua sana au hakiji kabisa. Wengine hukatwa na tumbo au huharisha kidogo. Kama unatapika hata siku ambazo hukumeza, au choo kimekuwa cheusi, au maumivu hayaondoki, hiyo si zinki peke yake. Nenda ukaonwe.

Jambo la pili nililokosea ni hesabu. Ile 220 ni uzito wa chumvi nzima. Zinki yenyewe ndani yake ni kama miligramu 50, na kiwango cha juu ambacho mtu mzima anashauriwa asikizidishe kila siku bila usimamizi wa daktari ni miligramu 40. Vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wanaoharisha, vile vinavyoyeyushwa majini na kuuzwa pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, vimeandikwa 20, na hiyo 20 ni zinki yenyewe. Ndiyo maana kidonge cha "20" na kidonge cha "220" havitofautiani mara kumi na moja kama namba zinavyoonyesha. Soma kama karatasi inataja chumvi au zinki tupu. Ukishindwa, muulize mfamasia akupigie hesabu hiyo mbele yako.

Nilibadilisha hivi. Nilishuka hadi miligramu 20 kwa siku, nikawa nameza katikati ya chakula cha mchana, wali na samaki, kwa bilauri nzima ya maji. Siku za maharagwe au mbaazi nilingoja chakula cha usiku, kwa sababu kunde na nafaka zisizokobolewa zina kitu kinachoikamata zinki isiingie mwilini. Kama unameza vidonge vya kuongeza damu, usivichanganye na zinki kwa wakati mmoja, vinagombania njia. Tangu wiki ile sikutapika tena.

Sasa, inasaidia? Watafiti wa Uswidi walichapisha mwaka 1977 jaribio la zinki ya miligramu 135 kwa siku, kiwango kikubwa sana. Baada ya wiki nne chunusi nyekundu na zenye usaha zilikuwa zimepungua waziwazi kwa waliomeza zinki. Lakini mwaka 2001 Wafaransa waliilinganisha zinki ya miligramu 30 na minosaiklini, dawa ya antibayotiki, kwa wagonjwa 332 na kwa miezi mitatu. Waliopungukiwa na zaidi ya theluthi mbili ya chunusi nyekundu walikuwa kama 31 katika kila mia kwa zinki, na 63 kwa minosaiklini. Mimi naisoma hivi: zinki hufanya kazi kwa baadhi ya watu, kwenye chunusi zilizovimba, na ni dhaifu kuliko dawa zenyewe. Kwangu zile zinazouma zilipungua mwezi wa pili. Vichwa vyeusi puani na madoa hayakusogea hata kidogo.

Vitamini A ndiyo inayonitia hofu kwako. Jaribio lile lile la Uswidi liliipima pia, yuniti 300,000 kila siku, na kuiongeza juu ya zinki hakukuleta nafuu zaidi ya zinki peke yake. Kikomo cha mtu mzima ni yuniti 10,000 kwa siku. Zinki ya ziada mwili huitoa, lakini vitamini A hujilimbikiza kwenye ini. Midomo hupasuka, nywele hukatika, kichwa huuma, kichefuchefu huja, na ini huumia. Ukiwa mjamzito kipimo kikubwa chaweza kumlemaza mtoto tumboni, na madhara hayo huanza wiki za mwanzo kabisa, kabla hata hujajua. Nimewahi kumwona jirani akimeza kapsuli nyekundu iliyobaki kwenye zoezi la kuwapa watoto vitamini A, ambayo ina yuniti 200,000 na hupewa mtoto mara moja kwa miezi sita. Yeye alitaka kuimeza kila wiki kwa ajili ya uso. Na usikubali mtu akupe mafuta ya ini la papa, yale yanayoitwa sifa na kupakwa majahazi. Vitamini A ndani yake ni nyingi na haipimiki. Embe, papai na karoti kula utakavyo, maana mwili huzigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji tu.

Daktari akikuandikia doksisaiklini, antibayotiki nyingine ya chunusi, mwambie wazi kwamba una zinki na vitamini A nyumbani. Doksisaiklini na vitamini A nyingi pamoja zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa: kichwa kikali, macho kuona ukungu au kuona viwili. Hilo ni la kukimbilia hospitali. Zinki nayo huishika doksisaiklini tumboni, kwa hiyo ziachanishe kwa saa kadhaa.

Kilichonisafisha mimi hasa ni adapalini ya kupaka usiku, nayo ni ya ukoo wa vitamini A lakini hufanya kazi kwenye ngozi. Kiasi cha punje ya njegere uso mzima, ngozi ikiwa kavu, usiku mmoja ndiyo na mmoja hapana kwa wiki mbili za mwanzo. Nilibabuka, nikadhani imeniharibu, kumbe huo ndio mwanzo wake. Matokeo niliyaona wiki ya kumi. Hii pia haipakwi na mjamzito wala anayetafuta mimba.

Zinki niliiacha baada ya miezi mitatu. Ukiendelea miaka kwa kipimo kikubwa huzuia madini ya shaba kuingia mwilini, na damu hupungua bila wewe kujua chanzo. Piga picha ya shavu leo, dirisha lile lile, mwanga ule ule, kisha wiki ya nne na ya kumi na mbili. Ikifika kumi na mbili na picha ni zile zile, acha zinki uende kwa daktari wa ngozi. Na uniandikie chupa yako imesema nini, chumvi gani na miligramu ngapi, tupige hesabu pamoja.