Utabiri usiorudiwa haumfundishi mtoto kusoma

*Swali la wiki: "Mtoto wangu yuko darasa la kwanza. Nimeambiwa kila ninapomsomea hadithi nimuulize, 'Unadhani nini kitatokea?' Namuuliza, anajibu lolote linalomjia, halafu tunaendelea kusoma. Je, kweli hilo linamsaidia, au tunapoteza muda?"*

Likiishia hapo, linamsaidia kidogo sana. Kinachokosekana ni nusu ya pili ya kazi, yaani kurudi kwenye utabiri wa mtoto baada ya kusoma na kuulinganisha na kilichoandikwa. Mmarekani Russell Stauffer, mmoja wa walioieneza njia hii mashuleni katika miaka ya 1960, aliijenga juu ya vitendo vitatu: kutabiri, kusoma, kisha kuthibitisha. Nyumbani na hata darasani, hicho cha tatu ndicho huachwa, na bila hicho mtoto hana sababu ya kusikiliza kwa makini. Hakuna anachokitafuta kwenye ukurasa unaofuata.

Kazi huanza kabla mtoto hajaketi. Kisome kitabu chote peke yako, uchague mahali pa kusimama. Kwa hadithi fupi ya kurasa kumi hadi kumi na sita, vituo viwili au vitatu vinatosha. Ukisimama kila ukurasa, uzi wa hadithi unakatika, na mtoto wa umri huu husahau kilichotangulia. Kituo kizuri kipo pale ambapo jambo fulani liko karibu kubadilika, na dalili zimeshatolewa lakini jibu bado halijafichuliwa. Chomeka kipande cha karatasi hapo ili usipapite kwa bahati mbaya. Kama picha ya ukurasa unaofuata inatoboa siri, ifunike kwa karatasi kabla hujaanza.

Tuchukue mfano wa hadithi fupi, tuiite "Kiatu cha Asha". Kwenye jalada kuna msichana aliyevaa kiatu kimoja, na mbwa amesimama kando yake. Kurasa za mwanzo zinasema hivi: "Asha anataka kwenda kucheza. Kiatu kimoja hakipo. Anatazama chini ya kitanda. Hakuna. Simba, mbwa wao, amekaa mlangoni. Mdomoni ana kitu." Simama hapo.

Karibu kila mtoto atasema mbwa ndiye aliyekichukua kiatu. Usimwambie amepatia wala amekosea. Muulize, "Umeona nini kwenye hadithi kilichokufanya useme hivyo?" Swali hili ndilo linalotenganisha kutabiri na kubahatisha. Jibu linalofaa lina pande mbili: kitu kilichomo kwenye ukurasa ("ana kitu mdomoni") na kitu anachokijua mwenyewe ("mbwa hupenda kutafuna viatu"). Akitaja upande mmoja tu, mwombe wa pili. Akisema zimwi limekimeza kiatu, usimcheke, wala usimsifu kwa ubunifu. Rudini pamoja kwenye kurasa mlizosoma, mkatafute zimwi. Halipo, na mwenyewe ataona kwamba utabiri wake hauna pa kushikia.

Kabla ya kufunua ukurasa, utabiri uwekwe mahali unapoonekana. Mtoto ambaye bado haandiki achore mbwa na kiatu kwenye kipande cha karatasi. Anayeanza kuandika aandike maneno mawili matatu, "Simba ana kiatu". Utabiri wa mdomo tupu hupotea, na mtoto huubadilisha kimyakimya baada ya kusikia jibu, kisha akasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba alijua tangu mwanzo. Hasemi uongo, kumbukumbu yake imeshachanganyika na hadithi.

Sasa soma: "Asha anamkimbilia. Simba anafungua mdomo. Mpira unadondoka." Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wengi wanapoharakisha. Mwambie mtoto aweke kidole kwenye sentensi inayojibu utabiri wake. Akishaiona, "Mpira unadondoka", achague moja kati ya alama tatu mlizokubaliana: vema kwa kilichothibitika, mkasi kwa kilichokanushwa, na duara tupu kwa kile ambacho hadithi bado haijakijibu. Hiyo ya tatu usiiache kamwe. Ukimpa alama mbili tu, za kweli na si kweli, unamfundisha kukata shauri mapema kuliko maandishi yanavyoruhusu.

Kwa mfano, mtoto makini anaweza kusema, "Mdomoni hamna kiatu, lakini labda Simba alikificha kabla." Yuko sahihi. Maandishi yamekanusha kwamba kitu kilicho mdomoni ni kiatu, lakini hayajakanusha kwamba mbwa ndiye mchukuaji. Basi utabiri wake ugawanywe: sehemu moja ipate mkasi, nyingine duara. Huko ndiko kusoma kwa makini hasa, na mtoto wa miaka sita au saba anakuweza akiongozwa kwenye sentensi fupi kama hizi.

Mwulize basi, "Sasa unafikiri nini?" Huenda akaendelea kumshuku Simba, huenda akabadili. Yote mawili yanakubalika akiwa na sababu. Hadithi inaendelea: "Asha anarudi chumbani. Mara anasikia sauti ndogo: nyau, nyau. Sauti inatoka nyuma ya kabati. Paka wao hayupo kwenye kikapu chake." Kituo cha pili. Dalili ni tatu, na watoto wengi hushika moja tu, ile ya sauti, wakasema paka yuko nyuma ya kabati. Warudishe kwenye neno "ndogo". Kwa nini mwandishi ameliweka? Mtoto anayejua kwamba paka mkubwa hulia kwa sauti nzito kuliko ya mtoto wa paka ataanza kuona njia. Asiyewahi kuishi na paka hawezi kulifikia hilo kwa akili yake tu, hivyo mpe habari hiyo waziwazi, kisha mwache atabiri. Utabiri duni mara nyingi hautokani na uvivu wa kufikiri. Mtoto hana maarifa ambayo hadithi imedhani anayo.

Ukurasa unaofuata: "Asha anachungulia. Anaona kiatu chake. Ndani ya kiatu amelala mtoto wa paka." Rudini kwenye karatasi zote mbili, siyo ya mwisho peke yake. Na lile duara la Simba? Kitabu hakisemi nani aliyekipeleka kiatu nyuma ya kabati, kwa hiyo duara linabaki duara. Mtoto akubaliwe kufunga kitabu akiwa na jambo ambalo hadithi haikulijibu.

Kituo cha tatu kipo baada ya sentensi hii: "Asha ananyoosha mkono, kisha anaurudisha." Utabiri wa hapa ni wa aina nyingine. Haumhusu mwizi wala mahali, unauhusu moyo wa mhusika. Dalili ni huo mkono uliorudi. Atakayesema Asha atamtoa mtoto wa paka achukue kiatu chake, mwulize huo mkono umerudi kwa nini. Kisha soma mwisho: "Anavua kiatu cha pili. Anakwenda kucheza pekupeku."

Kosa linaloharibu kazi hii kuliko mengine ni kuwasifu waliopatia. Baada ya siku chache utaona watoto wanachungulia kurasa za mbele, wanasubiri mwenzao hodari aseme kwanza wamfuate, au wanatoa utabiri usioweza kukosea, kama "Asha ataendelea kutafuta". Zote ni dalili kwamba wamegeuza kazi kuwa mashindano ya kupatia. Sifu sababu iliyotolewa na kidole kilichowekwa kwenye sentensi sahihi, hata kama utabiri umepata mkasi. Darasani, kila mtoto achore kabla yeyote hajasema kwa sauti. Na utabiri mwepesi mno mjibu kwa swali la kubana: atatafuta wapi, na kwa nini huko?

Kuna mkanganyiko mmoja ambao lazima uepukwe. Kutabiri hadithi si kukisia maneno. Mtoto akifika kwenye neno "kikapu", akatazama picha akasema "sanduku", hapo hatabiri, anakwepa kusoma. Mrudishe kwenye silabi: ki-ka-pu. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo silabi zitampa neno bila haja ya picha. Picha na dalili zina kazi ya kuuliza jambo gani litatokea. Neno lililoandikwa husomwa kwa herufi zake.

Hilo linaleta suala la nani asome. Mtoto ambaye bado anaunganisha silabi moja moja anatumia nguvu zake zote kwenye kazi hiyo, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Kumdai utabiri hapo ni kumwonea. Mara ya kwanza soma wewe kwa sauti, naye atabiri na kuthibitisha. Kesho yake asome mwenyewe kurasa zilezile, na safari hii usimwombe utabiri, kwa sababu mwisho anaujua na atakuwa anaigiza tu. Mwombe badala yake atafute ni wapi mwandishi alianza kudokeza mambo. Katika hadithi yetu atagundua kwamba neno "ndogo" lilikuwepo pale muda wote. Akishaweza kusoma aya nzima bila kukwama, ndipo kusoma na kutabiri viunganishwe katika usomaji mmoja.

Utajuaje kwamba kazi imeshika? Usihesabu alama za vema. Angalia kama mtoto anasimama mwenyewe bila kuambiwa, anafunua kurasa kurudi nyuma kutafuta kitu, au anaacha utabiri wake katikati ya ukurasa kwa sababu amekutana na neno lisilokubaliana nao. Kama anang'ang'ania utabiri wa kwanza hadi mwisho, hata sentensi ikiupinga waziwazi, punguza vituo vibaki kimoja. Kitumie hicho kimoja kwa kuthibitisha kwa kidole tu kwa hadithi kadhaa, kabla ya kuongeza cha pili.